Vidole Ndivyo Breki: Kinachomzuia Aliyesimama kwa Mikono Asianguke

Jumapili jioni pale Coco Beach, Dar es Salaam, huwakosi vijana wanaotembea kwa mikono juu ya mchanga uliolowa. Magoti yamekunjwa, miguu inaning'inia juu ya mgongo kama mkia wa nge, na mtu anakwenda hatua kumi, kumi na tano, mpaka wenzake wapige mbinja. Sasa mwambie kijana huyohuyo asimame palepale, asiinue kiganja, ahesabu mpaka tano. Wengi hawafiki tatu.

Jambo hilo lilinitatiza kwa muda mrefu, kwa sababu akili inakuambia kwamba kutembea ndiko kunakopaswa kuwa kugumu. Mimi nilianza kujifunza kusimama kwa mikono nikiwa mtu mzima, mwenye mgongo wa kiti cha ofisi, na nikapita njia ileile: nilitembea kwa mikono miezi kadhaa kabla sijaweza kutulia. Jibu lake likieleweka, karibu kila kitu kingine katika mchezo huu kinafunguka.

Mtazame mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ndoo ikielekea kushoto, haivuti kuirudisha. Anachofanya ni kupeleka shingo na mabega kushoto, chini ya ndoo, na ndoo inajikuta imesimama tena. Mtoto anayesimamisha fimbo kwenye kiganja anafanya vilevile: fimbo ikiinama mbele, anakimbiza mkono mbele. Atembeaye kwa mikono naye yumo humohumo. Mwili unaanguka, naye anapeleka kiganja kule unakoangukia. Kwa hiyo kutembea kwa mikono ni kuanguka kunakodakwa hatua baada ya hatua.

Aliyesimama tuli amejinyima ruhusa hiyo. Viganja vimegota sakafuni na haviendi popote. Kilichobaki cha kusogeza ni kimoja tu: mahali ndani ya kiganja ambapo uzito unakandamiza sakafu. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, uwanja huo wote, kutoka mwanzo wa kiganja hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 18. Mchezo mzima unachezwa humo.

Pointi mbili zinazofukuzana

Tuchukue mtu mmoja tumfuate hadi mwisho. Ana kilo 60 na urefu wa mita 1.70. Akisimama kwa mikono akiwa amenyooka, nyayo zake ziko juu kiasi cha mita mbili kutoka sakafuni, na kitovu chake cha uzito, yaani ile pointi ambayo uzito wote wa mwili ni kana kwamba umekusanyika hapo, kiko karibu na nyonga, kama mita moja juu ya viganja. Dondosha timazi la fundi mwashi kutoka pointi hiyo. Mahali linapogusa sakafu ndipo kitovu cha uzito "kilipo" kwa hesabu zetu.

Pointi ya pili iko chini, nayo ni kitovu cha mkandamizo. Sakafu inakusukuma kwa sehemu nyingi za kiganja kwa wakati mmoja, lakini ukizijumlisha unapata mahali pamoja pa wastani, panapoelemea kule kwenye uzito mkubwa zaidi. Sheria ni fupi: mkandamizo ukiwa chini kabisa ya kitovu cha uzito, hakuna kinachouzungusha mwili. Ukiwa nyuma yake, mwili unaangukia mbele. Ukiwa mbele yake, mwili unasukumwa kurudi nyuma. Hapa "mbele" ninamaanisha upande wa vidole, ambako ndiko mgongo unakoelekea mtu akishapinduka, na "nyuma" ni upande wa mwanzo wa kiganja, ambako miguu ilitokea na ambako itarudi mambo yakiharibika.

Kiganja chenyewe kina sehemu tatu zinazobeba. Ya kwanza ni ile nyama nene inayopakana na kifundo cha mkono. Wengine tunaiita kisigino cha kiganja, na jina linafaa kwa kuwa kazi yake ni ya kisigino hasa. Ya pili ni mashina ya vidole, pale ambapo wapiga jembe wanaota sugu. Ya tatu ni ncha za vidole. Kwa mtu wetu, tukipima kutoka ukingo wa nyuma wa kiganja, tuseme kisigino kinabeba katika sentimita ya 2, mashina katika ya 9 na ncha katika ya 16.

Kila mkono unabeba kilo 30. Akiwa ametulia, tuseme kisigino kina kilo 18, mashina 10 na ncha 2. Zidisha kila uzito kwa mahali pake, jumlisha, gawa kwa 30: unapata sentimita 5.3. Hapo ndipo mkandamizo ulipo, na ikiwa ametulia kweli, kitovu cha uzito nacho kiko juu ya hapo.

Sasa abonyeze ncha. Mizani ya kiganja inabadilika: kisigino kilo 12, mashina 11, ncha 7. Jumla bado ni 30, maana kubonyeza hakumwongezei mtu uzito. Vidole vimechukua na kisigino kimepoteza. Fanya hesabu tena, mkandamizo umeruka hadi sentimita 7.8. Kilo tano tu kwenye ncha za vidole vya kila mkono zimeuhamisha sentimita mbili na nusu, na kwa macho ya mtazamaji hakuna kilichotokea.

Kwa nini ni lazima kuupita

Hapa ndipo wanaojifunza wengi wanapopotea, nami nilipotea hapo kwa muda. Ukihisi unaangukia mbele, silika inakuambia upeleke mkandamizo mpaka ukutane na kitovu cha uzito, basi. Haitoshi. Mwili wa kilo 60 ulioanza kwenda una kasi tayari. Ukiukuta tu, unaacha kuuongezea kasi, lakini ile uliyonayo inaupeleka mbele. Ili usimame na kurudi, lazima mkandamizo uwe mbele yake, umpite mkimbizi na kumkabili uso kwa uso. Mtoto mwenye fimbo anajua hili bila kufundishwa: mkono wake haufuati fimbo tu, unaitangulia.

Na saa inakimbia. Mwili ulionyooka na kukazwa, wenye kitovu cha uzito mita moja juu, ukianza kutoka katika utulivu huku kitovu kikiwa sentimita 1 mbele ya mkandamizo, basi baada ya nusu sekunde umbali huo utakuwa 2. Baada ya robo tatu ya sekunde utakuwa 4. Sekunde moja ikitimia umepita 7, na uwanja umekwisha. Kila kosa linajizalia lenyewe, kama deni la riba.

Tuyaweke pamoja. Mtu wetu yuko ametulia, mkandamizo katika 5.3, halafu kitu kidogo, pumzi au kikohozi, kinasukuma kitovu cha uzito hadi 6.3. Katika sekunde 0.2 za kwanza kinasogea milimita moja na nusu tu. Hakuna mtazamaji atakayeiona. Lakini kasi imeshazaliwa, na kwa kasi hiyo mkandamizo unahitaji kufika kama 7.0 ili kuukamata mwili. Akibonyeza wakati huo kwa zile kilo tano za ziada, anafika 7.8, yaani amepita panapohitajika. Kabla sekunde nyingine 0.2 hazijaisha mwili umesimama, kisha unaanza kurudi wenyewe.

Akichelewa mpaka sekunde 0.4, picha ni nyingine kabisa. Kitovu cha uzito kiko 6.9, na ukikitazama hapo unadhani 7.8 inatosha bado, maana iko mbele yake. Lakini kasi imekua zaidi ya maradufu, na sasa mahali pa kuukamatia ni 8.2. Zile kilo tano haziusimamishi tena, zinauchelewesha tu. Anahitaji sasa kama kilo nane zaidi kwenye ncha za kila mkono: kisigino 9, mashina 11, ncha 10, mkandamizo uende 9.2. Amechelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, na deni limekaribia kuwa mara mbili.

Tatizo ni kwamba ubongo na misuli navyo vina ucheleweshaji wao. Kutoka mwili unapoanza kuondoka hadi kidole kinapokandamiza inapita karibu moja ya tano ya sekunde, na haijalishi umezoea kiasi gani. Kwa hiyo mtu anayesubiri aone ameinama ndipo abonyeze, ameshachelewa. Mzoefu anajibu kasi: anahisi kwamba anaondoka kabla hajafika popote. Anaihisi kwenye ngozi ya kiganja, kisigino kinapoanza kuwa chepesi na mashina kuwa mazito, na kwenye mishipa ya kigasha inapovutika. Macho nayo yanafanya kazi kubwa. Ndiyo maana mafundi wengi hukaza macho kwenye alama moja sakafuni kati ya viganja, na ukifumba macho ukiwa juu chini utashangaa jinsi sakafu inavyogeuka mtumbwi.

Bado kuna sehemu ya pili ya kazi, nayo ni kuachia. Mwili ukishaanza kurudi, ncha zinapaswa kulegea kabla kitovu hakijarudi nyumbani, la sivyo zinakisukuma kikapita kwenda upande wa kisigino. Ukiona miguu ya mtu inayumba mbele na nyuma kwa mapana yanayozidi kukua, usimwambie aongeze nguvu. Nguvu anazo. Anabonyeza kwa kuchelewa na kuachia kwa kuchelewa, na kila mwendo anaulipa kwa mwendo mkubwa zaidi.

Upande usio na breki

Turudi kwenye hesabu ya kiganja tutazame nyuma. Mkandamizo wa utulivu uko 5.3. Kwenda mbele, ukiviinua visigino kabisa na kubaki juu ya mashina na ncha, unaweza kufika 11 hata 12. Kwenda nyuma, ukiondoa uzito wote kwenye ncha na mashina, unafika 2 na hapo ndipo mwisho. Nyuma ya kisigino hakuna kidole. Mbele una sentimita sita au saba za kujitetea, nyuma una tatu na kidogo.

Kwa hiyo swali la wapi uzito ukae haliamuliwi na usawa wa kupendeza. Wengi hufundishwa kwamba mifupa ipangane kama nguzo, uzito uteremke moja kwa moja juu ya kifundo cha mkono. Ninavyoona mimi ni ushauri mbaya. Uzito ukikaa juu ya kisigino, kosa lolote dogo la kwenda nyuma halina dawa mkononi. Aliyesimama vizuri anaegemea mbele kidogo, uzito katikati ya kiganja, akiwa daima anaangukia vidole kwa kiasi kidogo sana na vidole vikimshika daima kwa kiasi kidogo sana. Hivyo anakuwa na hazina pande zote mbili: akienda mbele ana cha kuongeza, akienda nyuma ana cha kupunguza. Tunapokuwa kwa miguu tunafanya hivyo hivyo bila kujua. Timazi la mwili linaangukia mbele ya kifundo cha mguu, na misuli ya vigimbi inafanya kazi ya kutushika muda wote tunapongoja daladala.

Akienda nyuma kupita kiasi, kifundo cha mkono kimemaliza kazi yake na mzigo unapanda kwenye mabega. Dawa ni kusukuma mabega yapite mbele juu ya vidole, mara nyingi kwa kukunja viwiko kidogo, ili uzito wa kiwiliwili uvuke mbele na kufidia miguu inayorudi. Inawezekana, na wenye nguvu wanaifanya kwa uzuri, lakini ni ghali. Inachosha mara moja, na kila mtu ukumbini anaiona. Kurekebisha kwa vidole ni siri kati yako na sakafu.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Uingereza, Kerwin na Trewartha, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanajimnastiki waliosimama kwa mikono, wakipima nguvu za sakafu pamoja na mienendo ya viungo. Walichokuta kinaendana na haya: katika kudhibiti mwendo wa mbele na nyuma, kifundo cha mkono ndicho kinachotawala, na mabega na nyonga vinasaidia. Pembeni, kushoto na kulia, sijagusa kwa sababu hapasumbui sana. Mikono miwili imeachana upana wa mabega, na ukielemea kulia mkono wa kulia unabeba zaidi. Nani aliwahi kuanguka ubavu?

Rangi ya kucha

Kifundo na vidole ni mtambo mmoja, na inafaa kuona kwa nini. Misuli inayokunja vidole haiko vidoleni. Iko kwenye kigasha, upande wa ndani, na inatuma kano ndefu zinazovuka kifundo cha mkono, zinapita kiganjani na kushika mifupa ya vidole. Ipo pia misuli inayokunja kifundo peke yake, ambayo kano zake zinaishia mwanzoni mwa mifupa ya kiganja. Ukitumia hiyo ya pili tu, unaweza kuhamisha uzito kutoka kisigino hadi kwenye mashina, basi. Ili mkandamizo uvuke mashina kwenda mbele zaidi ni lazima vidole vyenyewe viwe vigumu na visukume. Vidole vilivyolala kama chapati haviongezi chochote kwenye uwanja wako. Mkono wa sentimita 18 unakuwa mkono wa sentimita 10.

Hili nililijulia kwa kijana mmoja wa pale ufukweni. Nilikuwa nimeweka ubao mgumu juu ya mchanga, nimepanda mara saba au nane, kila mara naangukia mgongo. Akachuchumaa pembeni ya mikono yangu.

"Kaka, kucha zako hazibadiliki rangi."

"Rangi gani tena, mdogo wangu?"

"Panda nikuonyeshe zangu."

Alikosea kusema, aliyepanda ni yeye. Nami nikachuchumaa. Vidole vyake havikulala. Vilikuwa vimejikunja kama miguu ya kaa, kifundo cha katikati kimeinuka, ncha na mashina vimeuma ubao, na kati yake pana upenyo ambao ungepitisha kalamu. Na kucha zilikuwa zinapumua: nyekundu nyekundu, kisha nyeupe, kisha nyekundu tena, labda mara mbili kwa sekunde, huku miguu yake juu haionekani kusogea. Weupe ule ni damu inayokamuliwa chini ya kucha ncha inapokandamizwa. Jaribu sasa hivi mezani: bonyeza ncha ya kidole utauona. Kila weupe ulikuwa sahihisho moja.

Baada ya hapo nikaanza kuilaza simu sakafuni kurekodi mikono yangu mwenyewe badala ya mwili mzima. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kuzisogeza moja moja na kuhesabu. Niligundua kwamba kucha zangu zilikuwa zinageuka nyeupe mara moja tu, kwa nguvu zote, nikiwa nimeshaanguka. Sikuwa na breki inayofanya kazi kidogo kidogo. Nilikuwa na breki ya dharura tu.

Ukuta, na umbali wa mikono kutoka ukutani

Zoezi la kuijenga breki hiyo ni rahisi kueleza. Panda ukiwa umeupa ukuta mgongo, visigino vya miguu viguse ukuta, mikono imenyooka. Kisha bonyeza ncha za vidole, polepole, mpaka visigino viachane na ukuta vyenyewe. Usiusukume ukuta kwa mguu hata kidogo. Ukiusukuma umeiba, na utajua umeiba kwa sababu miguu itaondoka ghafla na kupita katikati kwenda chini upande wa pili. Ikiondoka kwa vidole inaondoka kama mlango mzito unaofunguliwa na mtoto.

Watu wengi wanajaribu zoezi hili, linashindikana, wanahitimisha kwamba vidole vyao ni dhaifu. Mara nyingi kosa liko kwenye umbali. Nyayo ziko mita mbili juu na kitovu cha uzito mita moja, hivyo miguu ikienda mbele sentimita 10, kitovu kinakwenda kama nusu yake, 5. Sasa tuseme umeweka ncha za vidole sentimita 30 kutoka ukutani, kama wengi wanavyofanya kwa kuogopa kugonga kichwa. Kutoka mwanzo wa kiganja hadi ukutani ni 18 na 30, jumla 48. Miguu ikiegemea huko, kitovu cha uzito kiko karibu na 24, na kiganja chako kinaishia 18. Hakuna mkandamizo unaoweza kuwekwa mbele ya kitovu kilichokwisha kutoka nje ya mkono. Hata vidole vya chuma havitakutoa hapo. Njia pekee ni kuupiga ukuta teke.

Sogeza mikono mpaka ncha ziwe vidole viwili au vitatu kutoka ukutani, sentimita 5 hivi. Sasa ukuta uko 23 kutoka mwanzo wa kiganja, na nyama ya kisigino cha mguu inakula chache kati ya hizo, kwa hiyo kitovu cha uzito kinakuwa kati ya 9 na 11. Hapo ni pagumu lakini pamo ndani ya mkono. Weka 9.2 yetu ya kilo kumi akilini utaona kwamba ni kazi ya kweli, na kigasha kitawaka moto kabla bega halijachoka. Kikiwaka upande wa ndani, upo sahihi. Kama kinachochoka kwanza ni bega, unausukuma mwili kwa mahali pengine.

Sharti moja la kila nilichokisema hapa ni kwamba mwili uwe mgumu, kipande kimoja kutoka kiganja hadi vidole vya miguu. Hesabu zote zilichukulia hivyo. Mabega yakilegea na kiuno kikiwa kama kamba, vidole vinasukuma kiwiliwili lakini miguu inabaki nyuma na kufika baadaye kwa wakati wake, na wakati huo wewe umeshaanza kuachia. Mgongo uliopinda kama ndizi si kosa la usawa kwa wenyewe, maana kitovu kinaweza bado kuwa juu ya mikono. Tatizo ni kwamba ndizi ikicheza, inapinda zaidi na kunyooka, habari inayofika kiganjani inakuwa ya uongo.

Sakafu nayo ina sauti yake. Juu ya mchanga mkavu ncha zinazama, na sehemu ya nguvu uliyoituma inatumika kuchimba kabla haijakusukuma, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa moja ya tano ya sekunde unarefuka. Mchanga uliolowa ni afadhali, ubao ni afadhali zaidi. Anayejifunza kutulia aanzie kwenye saruji au mbao, kisha ndipo apeleke ufundi wake ufukweni. Vishikio vya mbao vilivyofungwa imara ni jambo jingine: mkono umekizunguka kishikio, na unaweza kukisokota mbele na nyuma kwa nguvu ya kushika, kwa hiyo upande wa nyuma unapata breki ambayo kiganja bapa hakina. Ndiyo maana mtu aliyezoea vishikio akishuka sakafuni anaanguka upande wa kisigino mara kwa mara, na hajui ni kwa nini, maana juu ya vishikio hakuwahi kuanguka huko.

Video yangu ya juzi ina sekunde kumi na moja. Kucha zinageuka nyeupe mara kumi na tisa, nimezihesabu. Ya ishirini haikuja. Picha tano baadaye kisigino cha kiganja cha kushoto kinaachana na ubao, na baada ya hapo simu inaonyesha mawingu na mguu wa mtu.